Gasper Hakuinua Kiganja

Kibibi, Gasper, mpiga gitaa wetu, katuuza! Nimetoka mazoezini Lulindi sasa hivi.

Wimbo wetu wa korosho, ule wa mizani ya wizi, unaujua. Kwenye ubeti kiganja kinalala juu ya nyuzi, karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoanzia, inatoka dugu-dugu-dugu ya kubanwa. Kikifika kiitikio kiganja kinainuka, noti mbili tu, ya kwanza na ya tano ya ngazi, zinanguruma, na ukumbi mzima unapiga kelele: "PIMA TENA!"

Leo kiitikio kimefika, kiganja hakikuinuka. Dugu-dugu ileile!

"Inua mkono!" nikamfokea.

"Kaka, tusiwaudhi watu."

Watu! Watu gani?

Ndipo nikaiona amplifaya mpya. "Kaniazima yule mnunuzi wa korosho," anasema. Mwenye mizani! Tangu soko huria lianze wanunuzi wanatupunja, sijasahau hata msimu mmoja.

Nikachomoa waya. Mama Dorika, kiongozi wa waitikiaji wetu, akapaza sauti peke yake, "PIMA TENA!", kina mama wote wakamfuata. Gasper hakuwatazama. Alitazama mlangoni. Anamsubiri nani?

Kesho kwenye mkutano wa wakulima gitaa nalishika mimi. Najua noti mbili tu. Kiitikio hakihitaji zaidi.