Kabula Anasukwa Nywele

Maganzo, Jumapili, 1956

Leo nimemsomea Mayu, mama yangu, riwaya ninayoandika.

Mwanzoni Kabula, msichana mdogo, anasukwa na mama yake, anafurahi tu kupendwa. Halafu anakatazwa kujikuna kichwa wakipita kwa askari wa lango la mgodi wa almasi, naye anadhani ni adabu. Siku moja jirani anafumuliwa nywele pale langoni, almasi inadondoka. Kabula anaona, na usiku uleule anajipapasa kichwa, anagusa kijiwe ndani ya msuko, anaelewa yote.

Mayu akanikatiza. "Umemwelewesha mapema mno. Mtoto anayempenda mama yake humtetea kwanza."

Iliniuma, lakini ni kweli. Nimeruka hatua. Kati ya kuona na kuelewa, Kabula lazima akatae kujua: amchukie jirani, amchukie askari, aombe kusukwa tena. Ndipo maumivu yatakuwa yake.

Kisha Mayu akauliza, "Na wewe ulikataa mpaka lini?"

"Hii ni hadithi tu, Mayu."

Akakitazama kichwa changu, ninachokinyoa tangu nilipopata akili, akaenda jikoni.