Mzee Asiyeota Moto

Kambi ya juu, Mogogosiek
Ijumaa, 14 Novemba 2025
Miezi tisa tangu niondoke nyumbani

Dada Janefer,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na watoto. Natumaini mko wazima na goti la Mama limetulia kidogo, maana najua baridi ya Nyamira huliamsha. Mimi mwili ni mzima, mikono ndiyo imechoka. Siku hizi hata kijiko nakishika kama nachuma jani.

Nimekuandikia karatasi, utaipata kesho kwa dereva wa matatu, kwa sababu simu yako huwa unaiwekea Mama sauti ya juu ili naye asikie, na haya sitaki ayasikie kabla sijafika. Msomee salamu tu. Mengine yaweke mfukoni.

Mwezi uliopita nyapara wetu, Mzee Johana, alisema anastaafu. Ni Mkipsigis anayekaa Merigi, mtu wa maneno machache. Nilipougua malaria mwezi wa sita alinitoa shambani akanipa dawa na kazi ya kuchambua majani kwenye kibanda cha mizani, nikae kwenye kivuli mpaka nipone. Sikusahau. Wachumaji wakamwandalia sherehe, na hapa kambini mtu haagwi bila mchongoano. Anayeondoka huketi mbele, sisi tunamtania mpaka watu washike mbavu, halafu mwisho tunamsifu. Wachongoaji tulikuwa wawili, mimi na Mathew, kijana wa hapa hapa Konoin anayeendesha trekta ya majani.

Wewe ulinijua nikiwa na mdomo mwepesi, lakini kazi hii nimejifunza kuiogopa. Kwanza najichongoa mwenyewe, watu wajue sina kiburi. Nilisema nachuma polepole hivi kwamba nikimaliza mstari, majani yameshachipua tena nyuma yangu. Ndipo namgeukia mwenyewe, na namtafutia kitu alichokichagua, kitu anachoweza kukiacha kesho akitaka, au kitu anachojisifia mwenyewe. Kofia, redio, timu yake ya mpira. Mkubwa wa kazi anachongoleka kwa ukubwa wake. Mjane simgusi kwa ujane wake, wala mgonjwa kwa ugonjwa, wala aliyezika mtoto kwa jambo lolote la watoto. Hata kama yeye mwenyewe hucheka habari hiyo, hicho kicheko ni chake, hajaniazima. Na nikiwa nasema naangalia mikono ya mtu, siangalii meno. Meno yanaweza kucheka kwa adabu. Mikono ikitulia kwenye magoti, naruka kwenda kwa neno lingine.

Basi wiki moja kabla ya sherehe nilienda kwa mkewe, Mama Edinah, kumuuliza nisiguse nini. Akasema nichongoe kila kitu, hata kukoroma kwake, ila moto nisiutaje. Sikumuuliza sababu. Sisi sote tulikuwa tumeona kwamba Mzee haoti moto. Asubuhi za baridi wachumaji hukusanya matawi yaliyopogolewa wakawasha kando ya mizani, na yeye husimama mbali, upande usiofikiwa na moshi, mvua imnyeshee. Vijana walikuwa wanamcheka kisirisiri.

Hapo ndipo nilipokosea, Dada. Nilimwambia Mathew, tuchongoe kofia na redio, moto tuuache. Akataka kujua kwa nini, nikamwambia sijui. Akasema, "Bro, kila mtu anacheka hiyo story ya moto. Tukiiacha watasema tumeogopa." Nikamjibu kwamba kumcheka mtu kisogoni si ruhusa ya kumcheka usoni, na tabia ya ajabu usiiguse kabla hujajua ilizaliwa wapi. Akarudi kwenye trekta yake. Nilidhani amekubali, kumbe nilikuwa nimemwonyesha kidonda kilipo.

Jumamosi ya sherehe ilianza vizuri. Nilisema kofia ya Mzee imenyeshewa miaka mingi hata ukiitundika ukutani itaendelea kusimamia watu. Nikasema betri za redio yake huanikwa kama mahindi, mpaka kuku amezidonoa. Nikasema hata kanisani akipewa mkate wa ushirika, kwanza anaupima kwa kiganja aone kama kilo imetimia. Mzee alicheka akijipiga paja. Mikono ilikuwa hai.

Ndipo Mathew akaingia na jiko la makaa kutoka jikoni, akaliweka miguuni pa Mzee. Akasema, "Mzee, zawadi yetu ndiyo hii. Leo utaota kwa lazima, utuambie huko nyuma ulichoma nini."

Watu walicheka sana. Mikono ya Mzee ilitulia kwenye magoti. Nikavuta jiko, nikaanza kuongea juu ya kofia tena, lakini alikuwa ameshasimama. Akasema Mathew ameuliza swali ambalo yeye amelingoja miaka kumi na saba. Akasema wakati wa vita vya uchaguzi alikuwa anamtunzia mjomba wake shamba, upande wa juu wa Fort Ternan. Vijana wakaja na petroli wakamuuliza nyumba za Wakisii ni zipi. Akasema hakuwasha kiberiti, aliinua mkono tu, akaonyesha nyumba moja ili wamwache. Nyumba yenye ghala la mabati na mpera mlangoni. Akasema mwenye nyumba aliwatoa watoto, halafu akarudi zizini kufungua ng'ombe, na hakutoka tena.

Dada, mpera ule uliupanda wewe.

Mimi nilisimama pale nimeshika jiko, nikauona mkono wake. Ni ule ule ulionipa dawa mwezi wa sita.

Wamama wetu wa Kikisii waliwachukua watoto wao wakaondoka. Mama Edinah alijifunika leso usoni. Tangu siku ile, asubuhi kando ya mizani kuna mioto miwili, Wakipsigis wanaota huu na sisi Wakisii ule, na katikati hapapiti mtu. Watu wanahesabu kwa sauti ya chini miezi iliyobaki kufika uchaguzi. Mathew alinijia akilia, akasema alidhani ni kituko cha mzee tu, na kwamba kama nisingemkataza angesahau. Anasema kweli, na hilo ndilo linaninyima usingizi.

Hapa sijamwambia mtu kwamba tulikaa Fort Ternan. Wananijua kuwa mtu wa Nyamira. Hawajui kwa nini niliacha shule darasa la tano, wala kwa nini nalala na viatu. Wananichongoa kwa viatu hivyo, nami nacheka kwa meno.

Jana Mama Edinah alinifuata kwenye mstari wa chai. Akasema Mzee ananiita kwake Merigi. Amesema kati ya watu wote mimi ndiye niliyemtania kwa heshima, na tena mimi ni Mkisii, kwa hiyo anataka nimsaidie kuwatafuta watu wa nyumba ile kama wako hai, apige magoti mbele yao. Nilimjibu nitakuja.

Naenda kesho. Sijui nitamwambia nini. Kuna saa namwona ni mzee mwenye baridi, na kuna saa namsikia Baba akiita ng'ombe kwa majina. Kisu cha kupogolea nimempa Calvince, jirani yangu, anitunzie mpaka Jumatatu. Alinitazama sana, akakifunga kwenye gazeti.

Wasalimie wote, na mtoto wa mwisho mwambie nimemchagulia sweta. Mama mwambie nakula vizuri.

Nitafika hapo nyumbani Jumapili kabla kanisa halijatoka. Nisipofika, usiulize kambini. Uliza Merigi, kwa Johana.

Ndugu yako,
Sagini