Jina Lake Lote

Mtaa wa Chanji,
Sumbawanga.
21 Julai 2024

Mpendwa Baba Mdogo Rafaeli,

Shikamoo. Natumaini wewe, Mama Mdogo Lucia na Abeli mnaendelea vizuri huko Lindi, na kwamba yale maumivu yako ya mgongo yamepungua. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imetuonea. Asubuhi watu wote wa Chanji wanatembea wamejikunja, utadhani kila mmoja kaficha kuku ndani ya koti. Wewe uliyezoea joto ungelala na viatu.

Mahindi tumevuna, namshukuru Mungu. Ulezi nao haukutuangusha. Lakini nimekaa kukuandikia kwa sababu ya dada yako, Shangazi Dominika, na nikichelewa kukueleza utayasikia kwa mwingine yakiwa yametiwa chumvi.

Jumamosi iliyopita umoja wetu wa wakulima ulifanya usiku wa tuzo kwenye ukumbi wa hapa Chanji. Mgeni rasmi alikuwa diwani. Mgeni wa heshima, shikilia kiti chako, alikuwa Shangazi. Na mshereheshaji nilikuwa mimi, maana tangu niendeshe ile harusi ya jirani watu wananiona nimezaliwa na kipaza sauti mkononi.

Unajua jinsi Shangazi alivyokuwa amesusa hadhara. Wewe ulikuwa umeshahamia Lindi siku ile ya jubilei ya parokia, mshereheshaji alipomtambulisha kwa kusema, "Ingawa Mungu hakumjalia mtoto..." Alidhani anamsifu! Shangazi alitoka kwa mlango wa nyuma kabla hajamaliza. Mtu aliyerudishwa kwao na mumewe kwa sababu hiyohiyo, halafu unamtangazia ukumbi mzima. Tangu hapo ukimwalika popote anakujibu kwamba ng'ombe wake wanaumwa. Hao ng'ombe wangekuwa wanaumwa kweli kila mara aliposema, wasingebaki hata kwato.

Safari hii alikubali kwa sababu ni mimi. Akaniambia kwenye simu, "Silvana, ukinitia aibu sitakanyaga tena mjini." Basi usingizi ukanihama.

Kumtambulisha mtu, Baba Mdogo, watu wanadhani ni kupayuka tu. Kwanza unamuuliza mwenyewe. Nilimuuliza jina lake lote, nilitamkeje, anataka aitwe kwa cheo gani, na atazungumzia nini, ili nisimmalizie maneno yake kabla hajafika mbele. Akasema atawasimulia jinsi alivyoburutwa na maksai wake wa kwanza. Nikaifuta habari hiyo kwenye karatasi yangu mara moja. Kichekesho cha mgeni ni cha mgeni.

Kwenye ratiba mwenyekiti wetu, Mzee Zenon, alikuwa amemwandika "Mama Maksai". Hakuwa na nia mbaya, ndivyo wanavyomwita sokoni. Kila mwanamke huku anaitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Edith, Mama Timoth, na yeye wakampachika la ng'ombe. Nikaomba libadilishwe. Akakubali, ila akanipa wasifu alioupanga mwenyewe: kuzaliwa, shule, kazi, na mwisho kabisa, familia. Si unajua wasifu wa kwetu, lazima uishie na "ameolewa na ana watoto kadhaa". Nikamwambia hapo pana shida. Akanijibu kwamba wasifu usio na familia ni kama kanzu isiyo na mkono.

Nikampigia tena Shangazi. Nikamuuliza waziwazi, pale mahali pa watoto niseme nini? Akasema, "Usiseme sina. Na usiseme mimi ni mama wa wote, hayo ni maneno ya kunipoza. Ukifika hapo, taja jina langu."

Siku yenyewe alikuja na basi kutoka Mwimbi, amevaa kitenge kipya, akaketi meza ya mbele ameshika pochi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepatana na kijana wa muziki kwamba nikitaja jina tu, apandishe wimbo, na asipandishe kabla, maana jina likimezwa na muziki kazi yote imepotea.

Nikamtambua mgeni rasmi kwanza, kisha paroko, wazee na viongozi, nikasema itifaki imezingatiwa, ili nisirudie vyeo vyao usiku kucha. Tuzo za mwanzo zikatolewa. Zamu yake ikafika.

Nilisema hivi: "Ndugu zangu, tunaye hapa mtu aliyeingia shambani na plau wakati wengi wakisema plau ni la wanaume. Aliwafunza maksai wake mwenyewe. Kisha akawafunza wajane wa Mwimbi, na baadaye wa hapa kwetu. Leo zipo nyumba ambazo mvua ya kwanza ikinyesha hazikai kumngoja mtu wa kuja kuzilimia. Mama mwenye nyumba anafunga nira, anatoka. Hicho ndicho tulichomwitia."

Nikavuta pumzi nitaje jina. Ndipo Mzee Zenon, kutoka meza kuu, akawasha kipaza sauti chake na kusema kwa sauti ya upole kabisa, "Mshereheshaji, umesahau familia."

Ukumbi mzima ulisikia. Nilimwona Shangazi anautazama mlango. Ningejibu kwa hasira, ningeyafungua yale yale ya jubilei. Ningekaa kimya, mzee angeendelea. Sijui ni malaika gani alinipa neno. Nikamwinamia kwa heshima nikasema, "Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa."

Watu waliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, akazima. Hapo hapo nikasema, "Naomba tusimame tumpokee mgeni wetu wa heshima, Dominika Kalisti!"

Muziki ukapanda. Vigelegele vikaanzia kwa akina mama wa nyuma. Nilibaki kwenye kipaza sauti mpaka alipofika, kwa sababu ukiondoka mapema mgeni anabaki anatembea peke yake kama aliyeitwa kortini. Nikampa mkono, nikampa kipaza sauti, nikakaa pembeni. Akawasimulia habari ya kuburutwa. Paroko alicheka mpaka akavua miwani.

Mzee Zenon alikuja baadaye kumwomba radhi, mtu mwema yule. Shangazi akamwalika Mwimbi ajifunze kulima.

Namshukuru Mungu, na namshukuru yeye zaidi kwa kuniamini. Nilidhani mimi ndiye niliyembeba usiku ule, kumbe ni yeye aliyenipa maneno.

Alilala kwangu. Asubuhi, nikiwa namwekea chai asafiri, akaniambia huku akitazama kikombe, "Hebu niite tena, kama jana." Nikadhani ananitania. Nikasimama hapo sebuleni, bila kipaza sauti, nikayasema yote tangu mwanzo. Nilipofika mahali pa familia nikataja jina lake lote, jina lake na la baba yenu. Akainuka kwenye kiti, taratibu, akakinyoosha kitenge chake. Nilitaka kumpigia makofi lakini alikuwa amenishika mikono yote miwili.

Nisalimie sana Mama Mdogo Lucia na Abeli. Huku wanakusalimu wote, na Shangazi anasema, "Mwambie mdogo wangu aje anione ningali na nguvu za kumtania." Mungu awalinde, awape afya na riziki ya kutosha.

Ni mimi binti yako nikupendaye kila siku,

Silvana