Fisi Uliyemtunga, Shangazi

Shangazi yangu uliye mbali,

Shikamoo. Sijui kama uko hai wa kuniitikia, lakini nikianza bila salamu najua ungenikaripia. Nakuandikia hadharani kwa sababu anwani yako sina. Mara ya mwisho tulisikia uko Chato unauza dagaa. Kisha mtu mwingine akasema umehamia Geita kwa wachimba dhahabu, unawapikia ugali. Wote waliokuona walisema umekonda. Niliwaambia hukuwahi kunenepa.

Habari yenyewe ni hii: Bibi Nyamizi amefariki. Amefia kitandani kwake, kwa uzee tu, majirani wakiwa wamemzunguka. Masele, yule wa mbuzi, ndiye aliyesimamia uchimbaji wa kaburi, naye alilia. Nilipoona kaburi limefukiwa nikajua kwamba sasa naweza kusema lile ulilonikataza.

Ule mwaka nilikuwa nimerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, Limi wangu, kama ilivyo desturi yetu. Kijiji kilikuwa bado kipya. Serikali ilikuwa imetutoa kwenye makazi yetu ya zamani, ambako mtu na jirani yake waliachana mwendo mrefu, ikatupanga kwa mistari, mlango unatazama mlango. Watu walianza kuona kwa wenzao yale ambayo zamani hayakuonekana: nani anapika nini, nani macho yake mekundu kama yanavyosemwa ya wachawi, nani anaishi peke yake na paka. Bibi Nyamizi alikuwa na yote mawili, macho na paka. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa mabua ya pamba aliyopikia. Paka alikuwa paka tu.

Sisi wanawake tulikusanyika barazani kwako kuchambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Wazee walisema anayesimulia hadithi mchana huota pembe, nawe ukasema pembe zikiota utazitundikia kapu. Mikono ikichambua, wewe unasimulia. Wengine walileta michembe ya viazi vitamu, wengine walileta masikio tu.

Hadithi zako zilikuwa na wanyama wanaofuatana na watu, na ulikuwa mkali sana juu ya kanuni zao. Ulisema wako wa aina tatu, na asimuliaye akizichanganya anaharibu hadithi. Kuna mnyama wa kutumwa, kama paka wa mchawi. Huyo anakula kwenye kiganja cha bwana wake, ana jina wanalolijua wao wawili tu, na kazi yake ni kwenda bwana asipoweza kwenda na kurudi na habari. Si rafiki. Bwana akisahau kumlisha, anamgeukia bwana mwenyewe. Kuna mnyama wa fadhila, yule aliyeokolewa mtegoni au kisimani. Huyo anatoa unyoya au kucha, ukipatwa na shida unaiunguza naye anakuja. Deni likiisha haji tena, hata umwite kwa machozi. Na kuna wa tatu, aliyefungwa roho na mtu, ambaye hakuchaguliwa wala hakununuliwa. Wamezaliwa usiku mmoja, au wamenyonya ziwa moja.

Wa tatu huyo ndiye aliyetuweka barazani hadi jua likapinda. Msichana wako aliitwa Mbula, na mwenzake alikuwa fisi, uliyemwita kwa Kisukuma, Mbiti. Wanawake walinong'ona ulipomtaja mara ya kwanza. Fisi kwetu ni punda wa wachawi, kila mtoto anajua. Wewe ukasema ndiyo maana umemchagua, simba kila mtu anamtaka.

Mbiti alimpa Mbula pua. Mbula alikuwa binti mwepesi wa kuamini watu, basi Mbiti akamfanya anuse uongo kabla haujamaliza kutamkwa. Lakini hakuna cha bure. Fisi akishinda njaa, tumbo la Mbula linanguruma katikati ya harusi ya watu. Fisi anaogopa moto, na Mbula akashindwa kukaa jikoni. Wakitenganishwa na mto mpana, wote wawili wanaumwa kichwa. Mmoja akichomwa mwiba, mwingine anachechemea. Na mmoja akifa, ulisema, mwingine hamalizi siku.

Nilikubishia sana. Nilitaka Mbiti amtafune mfalme mwovu aliyekuwa akimwonea Mbula, tuende zetu. Ulinijibu bila kuinua macho kwenye pamba: "Mnyama akimaliza kazi yote, Mbula atakuwa nani? Mbeba maji wake?" Ukaeleza kwamba mnyama anampa shujaa kile alichopungukiwa, lakini lile jambo gumu shujaa mwenyewe ndiye anayelifanya. Nikanuna. Nikarudi kesho yake.

Kisha fisi wa kweli akaanza kuchukua mbuzi wa Masele. Walikuwa wa mahari ya mdogo wake, kwa hiyo hasira yake ilikuwa ya haki. Akatega mtego wa chuma kando ya zizi. Alfajiri moja fisi alinaswa mguu wa nyuma wa kushoto, akajinasua, akaacha damu na manyoya. Asubuhi hiyo hiyo Bibi Nyamizi akatoka mlangoni kwake anachechemea mguu wa kushoto.

Alikuwa amekanyaga kisiki cha pamba shambani. Mimi mwenyewe nilimwona akifunga kidonda kwa kitambaa siku iliyotangulia, na nilisema, lakini nani amsikilize mzazi mwenye mtoto mchanga? Ilikuwa mistari ile ya nyumba, shangazi. Kila mlango ulimwona akichechemea. Kufikia saa nne vijana walikuwa wamesimama uani kwake na fimbo na mapanga. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akaomba watu wazungumze kwanza, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta njia ya kuondoka.

Bibi alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa na homa ya kile kidonda, anatetemeka. Hakujitetea. Alitutazama kama mtu aliyekuwa akilisubiri jambo hilo tangu siku ile ya kuhamishwa.

Ulikuja na pamba bado kwenye nywele. Ukamwamkia mama yake Masele, ukamuuliza Masele kama ana hakika fisi na huyu bibi ni mwili mmoja. Akasema jeraha ni lile lile, ushahidi gani tena. Ukauliza watu wote, ambao wake zao walikuwa barazani kwako juzi na jana, kama wanajua jeraha linavuka kwa namna gani. Wakasema wanajua, ni wale waliofungwa roho. Ukasema, "Basi kifo nacho kinavuka. Mfuateni fisi, damu bado mbichi. Mkimuua na huyu akafa, nizikeni naye. Akiwa hai jua likizama, mtamwachia nyumba yake."

Watu hawakuwa wameisikia kanuni hiyo kwa wazee, lakini ilikaa vizuri na ile waliyokuwa nayo, na wanawake waliitikia kwamba ndivyo ilivyo, kwa kuwa walikuwa wameisikia kwako. Vijana wakaondoka na mbwa.

Hapo ndipo nilipoelewa ulichokifanya. Bibi alikuwa mzee, ana homa. Angeweza kufa tu, kwa kufa kwake mwenyewe, na wewe ulikuwa umeahidi maisha yako kwa pumzi zake. Uliniambia nichemshe maji ya chumvi. Tukaosha kile kidonda, tukatoa kipande cha kisiki kilichokuwa bado ndani, cheusi, na usaha mwingi. Ukamnywesha uji wa ulezi kidogo kidogo. Alipofumba macho ulimtikisa na kumuuliza habari za shamba lake, bei ya pamba, jina la paka. Paka hakuwa na jina. Ukamwambia ampe jina papo hapo, naye akafikiri muda mrefu akasema labda aitwe Paka.

Mchana tukasikia vigelegele upande wa mbuga. Walikuwa wamemuua. Mkono wako ulikuwa umeshika wake, na niliona vidole vyako vimekaza. Bibi akafumbua macho akauliza kelele ni za nini. Kisha akaomba mlenda.

Vijana walirudi na mzoga wakamkuta anakula. Masele hakutaka kushindwa. Akasema basi fisi alikuwa wa kutumwa, huyo akifa mchawi anabaki. Na kwa kanuni zako alikuwa sahihi. Wewe hukusita.

"Wa kutumwa jeraha lake halivuki, Masele. Ukitaka mguu uvuke, lazima na kifo kivuke. Ukikataa kifo, basi mguu ule ni kisiki. Chagua moja."

Mama yake Masele ndiye aliyesema twendeni nyumbani. Wakaenda.

Tukiwa tunarudi nilikuuliza kanuni ile ya kifo umeipata kwa mzee gani. Ukasema hakuna mzee. Uliitunga wewe mwenyewe, barazani, kwa sababu Mbiti bila kifo chake angekuwa jembe tu mkononi mwa Mbula, wa kutumiwa na kutupwa. Ulitaka Mbula awe na cha kupoteza. Kisha ukanishika mkono ukaniambia nisimwambie mtu, maana siku watu watakapojua ni ya kutunga, mguu wa bibi utarudi kuwa ushahidi.

Siri niliitunza. Na baadaye, mbuzi wengine walipopotea, wakaanza kuuliza kitu kingine: yule mwanamke ameyajuaje yote haya ya fisi? Nani aliyemfundisha? Wanawake wakaacha kuleta pamba zao kwako. Ungeweza kuyamaliza kwa neno moja. Ungewaambia, jamani, ni hadithi, nimetunga, na wangekucheka wakakuacha. Nilikusihi useme. Ulifunga kanga zako na sufuria moja, ukasimama barabarani ukingojea lori la pamba, na Bibi Nyamizi ng'ambo ya pili akakupungia bila kujua unakwenda kwa sababu gani.

Nilikuwa na hasira nawe miaka mingi. Nilidhani umetuacha kwa kiburi. Sasa nami nina mvi, na ninajua hasira ile ilikuwa upendo usiokuwa na mahali pa kukaa. Nina hamu nawe, shangazi. Pamba nachambua peke yangu, na hata ninapopata wenzangu hatuna la kusema zaidi ya mvua.

Baada ya mazishi watu walikaa uani kwa Bibi, kama ilivyo desturi. Nilisimama. Nikawaeleza yote, tangu kisiki hadi kanuni. Nikawaambia shangazi yangu hakujua lolote la fisi, hakuwahi hata kumgusa mmoja. Alijua hadithi zinavyofanya kazi, basi. Mwenyekiti wa sasa aliangalia chini. Masele aliuliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo aliondoka ili yule bibi abaki?" Nikasema ndiyo.

Nyumba yako nimeiezeka upya. Masele alileta nyasi.

Mimi mpwa wako, binti wa kaka yako,
Mama Limi