Kava Lenye Watu Watatu

Jumamosi jioni, Musoma. Tangu asubuhi upepo wa ziwani unapiga mabati, na moyo wangu nao haujatulia.

Bendi yetu Kiangazi ni watu wanne. Naanza na hilo kwa sababu ukitazama kava la albamu yetu utahesabu watatu: Magesa wa Bunda, anayeimba; Chacha, gitaa; na Wegesa wa Butiama, dada wa ngoma. Wa nne ni mimi, gitaa la besi.

Naikumbuka sana ile asubuhi ya likizo ya mwaka jana, tulipoenda kupigwa picha ya kava kwenye mawe makubwa ya ufukweni. Wegesa alikuwa anatafuna muhogo wa kuchoma, mawe bado ya baridi. Tulienda mapema makusudi, maana jua la mchana linageuza macho kuwa mashimo. Tulikubaliana wote tuvae nyeusi iliyopauka, na magitaa yabaki nyumbani. Magesa alisema bendi ikishika magitaa kwenye kava inaonekana kama inayauza.

Mpiga picha alikuwa mjomba wangu, mwenye studio ya picha za pasipoti na kipaimara. Akatupanga kama tumetoka kwa askofu.

"Wafupi mbele! Mikono mbele! Chacha, cheka kidogo."

"Mjomba, sisi ni bendi ya roki. Hatuchekagi."

"Basi nuneni, lakini kwa mstari!"

Tulicheka mpaka mstari ukavunjika, na hapo ndipo akabonyeza. Magesa kainama, Wegesa kamshika bega, Chacha anafuta machozi. Mimi niko pembeni kushoto, hatua mbili mbali nao, kama ninavyosimamaga siku zote. Mdomo wazi, meno yote nje.

Kava nililitengeneza mimi. Picha ya kamera ni pana, kava la mtandaoni ni mraba, pikseli elfu tatu kwa elfu tatu. Ukikata mraba kwenye picha ile, theluthi nzima ya upana inaondoka. Niliwaambia wenzangu kwamba mraba umenitupa nje. Walisikitika, wakakubali.

Nilidanganya.

Kulia kwa Chacha kulikuwa na jiwe tupu, pana kuliko kitanda changu. Ningeusogeza mraba kushoto, tungeenea wote wanne. Sikutaka tu mdomo wangu ule uonekane kwenye simu za watu nisiowajua.

Nilidhani nimeficha uso. Kumbe kwa mtu asiyetujua, kava ndiyo bendi yenyewe. Kwenye simu linakuwa dogo kama stempu. Mtu hashiki sura, anashika umbo: vichwa vitatu vyeusi juu ya mawe. Tulipoenda kupiga Bunda, wenye ukumbi walikuwa wamelikuza kuwa bango. Mlinzi akanizuia mlangoni, besi ikiwa mgongoni.

"Dada, kaa na watazamaji. Bendi ni watatu, hawa hapa."

"Na hili gitaa?"

"Umewabebea. Mungu akubariki."

Wegesa ndiye aliyetoka akanivuta ndani, anamfokea yule kaka. Mimi nilipita, ukweli sikumwambia.

Leo Wegesa kaja kuaga. Jumatatu anaenda kidato cha tano, mbali, Chacha kashaondoka. Alitaka kitu kimoja tu: ile picha nzima ya mjomba, akaichapishe aende nayo bwenini.

Ningeweza kusema imefutika. Nilikaa na kidole juu ya kipanya, nikafikiria hivyo kabisa.

Nikaifungua.

Aliitazama yote. Kisha akaweka viganja viwili kwenye kioo cha kompyuta, akapima mraba.

"Mbona unatosha?"

"Nilijikata mwenyewe."

"Mwaka mzima naulaumu mraba, kumbe ni wewe! Na Bunda nikagombana na mtu wa watu kwa ajili yako." Hakuwa anacheka. "Rekebisha kabla sijaondoka."

Kava linabadilishwa hata baada ya albamu kutoka. Unatuma jipya, nyimbo zinabaki zilezile. Nikasema nitausogeza mraba kushoto. Akakataa.

"Hakuna kukata tena, we mtoto. Hata jiwe liache."

Basi nimeiweka picha nzima katikati ya mraba, juu na chini nikaacha mikanda myeusi, na kwenye ule wa chini nikaandika KIANGAZI kwa herufi nene. Nikalipunguza kava mpaka ukubwa wa stempu kuona kama jina bado linasomeka. Linasomeka. Sisi tumekuwa wadogo kama punje za mtama, lakini Wegesa alihesabu kwa kidole hadi nne, ndipo akacheka. Tukatuma.

Sasa keshaenda zake Butiama na picha yake kwenye bahasha, mjomba kamchapishia studio. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Magesa na Chacha hawajui bado. Kesho baada ya misa nitawaandikia ukweli wote, kabla kava jipya halijawafikia.

Mdomo wangu bado uko wazi pale pembeni. Sijaugusa.