Ndoo ya Koki na Jagi la Zamani

Malangali, Sumbawanga

Dada Atupele,

Hamjambo huko Tukuyu? Mguu wa mama unaendeleaje, na ile mvua yenu isiyojua kupumzika? Sisi ni wazima. Upepo wa huku unatupasua midomo, lakini tunakula, tunalala, na Vero ameota tena yale meno ya mbele yaliyong'oka. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu wewe simu unaweka sauti kubwa, majirani wote wanapata habari zangu. Hii isome peke yako.

Unakumbuka Pasaka nilikulilia kwamba shemeji yako hanigusi tena. Si kitandani tu. Zamani akinipita jikoni lazima anishike bega. Tukiangalia taarifa ya habari, miguu yake iko juu ya yangu. Vyote vikakoma. Nikimsogelea anageukia ukutani, eti shule imemchosha. Dada, niliumia. Nilijitazama kwenye kioo nikajiona sifai. Hata kumnawisha mikono kuliisha, maana nilinunua ndoo ya koki, kila mtu ananawa mwenyewe. Nilijiona mjanja kupunguza kazi, kumbe nilipaondoa mahali pekee palipobaki pa vidole vyetu kukutana.

Wewe ukasema, "Mbane! Kuna mwanamke hapo." Nilipekua simu yake mara moja, nikakuta makundi ya walimu na bei za mbolea. Aibu ilinishika. Sikupekua tena.

Nikawaza: nikimwambia kitandani ataona namtega, nikimwambia kwa hasira atakimbia. Nikangoja Jumamosi. Ulezi ulikuwa umefika kutoka shamba la kwao Mpui, tukakaa mkekani tunapepeta na kuchagua mawe. Vero alikuwa kwa bibi yake. Mikono ina kazi, macho yako kwenye ungo, hakuna anayemkodolea mwenzake.

Nikasema, "Baba Vero, nina neno, na si la kukulaumu. Nimekukumbuka, ingawa uko hapa hapa. Nimeukumbuka mkono wako begani. Kuna siku nawaza labda hunitaki tena. Sidai kitu, na huna haja ya kunijibu leo. Nataka tu ujue."

Akaokota jiwe, akalitupa. Akaokota jingine.

"Nimekusikia, mama Vero."

Basi! Ulimi wangu unaujua, dada. Niliung'ata, nikaendelea kupepeta.

Siku tano zikapita. Sikununa, wala sikumkumbusha. Alhamisi tulikuwa tunarudi kwa miguu kutoka Milanzi kwa mama yake, akaanza mwenyewe, macho yako barabarani.

"Si kwamba sikutaki. Tangu nianze zile dawa za presha, mwili haunitii. Ile mara ya mwisho nilishindwa, unakumbuka. Nikaogopa, nikikushika bega tu utategemea na mengine, niaibike tena. Ndiyo nikaacha yote."

Jamani! Ile mara ya mwisho mimi nilidhani amenichoka. Mwaka mzima kitanda kimoja, kila mtu na aibu yake upande wake! Nikamwambia, "Bega ni bega, baba Vero. Likishikwa si lazima lipelekwe kokote."

Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka vile.

Tukakubaliana kushikana kuwe kushikana tu, na anayetaka kuishia hapo aseme, asinuniwe. Alikuwa ameshaanza kuwaza kuacha dawa kimyakimya. Nikamsihi asithubutu, aulize kwanza. Nilimsindikiza hospitali hadi benchi la nje, akaingia mwenyewe. Daktari akamwambia wanaume wengi huja na hilo: huweza kuletwa na presha yenyewe, au dawa, au mawazo. Akampima na sukari, akambadilishia dawa, arudi baada ya mwezi.

Sitakudanganya, huko kwingine bado hatujafika. Kuna usiku bado anageukia ukutani. Ila sasa anasema, "Nimechoka leo, si wewe." Kwa hilo neno nalala vizuri.

Sasa sikia ya jana. Mama mkwe alikuja kula kwetu. Nimeweka ugali wa ulezi mezani, naelekea kwenye ndoo, baba Vero akasema, "Kaa." Akatoa jagi la zamani kabatini, akashika beseni, akaninawisha mimi. Mwanamume wa Kifipa, mbele ya mama yake! Bibi akatoa macho. Baba Vero akaweka jagi chini, akanifuta kwa taulo, na mikono ilipokauka alikuwa bado ameushika mmoja.

"Baba, ugali unapoa," Vero akasema.

"Acha upoe."

Mama mkwe akainamisha kichwa, lakini nilimwona anatabasamu.

Msalimie mama, mwambie ulezi wake wa uji nimeshaufunga. Msalimie shemeji, na shangazi yetu wa kwaya, ambaye barua hii haimhusu hata kidogo. Ndoo ya koki nimeihamishia chooni.

Mdogo wako,
Tusekile