Dakika Nilizozikata kwenye Opera ya Mwalimu

Jumatatu, 2 Juni
Mazoezi tena. Baridi ya Mbeya imeniingia mpaka kwenye vidole, napiga kinanda kama kwa kijiko. Mwalimu Ambakisye amekwenda Iringa kutafuta ukumbi. Kaniachia kwaya na opera yake, mchezo unaoimbwa wote, kazi ya miaka tisa. Mwisho wa mwezi anastaafu na kuhamia Ruaha Mbuyuni kulima vitunguu. Opera itaonyeshwa mara moja tu. Naogopa, na sitaki waimbaji wajue.

Jumatano, 4 Juni
Mwalimu kapiga simu. Ukumbi umepatikana, lakini tumepewa saa moja na robo. Sisi tunatumia karibu saa mbili. Amesema, "Mama, punguza unavyoona wewe. Nakuamini." Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekata. Sisi watu wa kwaya tumezoea mashindano: dakika zikizidi unakata beti, hakuna anayekufa. Nimetoa resitativo zote, yale maneno ya nusu kusema nusu kuimba, kinanda kikigusa nota mbili tatu na kunyamaza. Hakuna wimbo pale. Hakuna anayerudi nyumbani akiziimba. Aria, zile nyimbo za mtu mmoja, zimebaki zote, na utangulizi mrefu wa kinanda mbele ya kila moja. Lwitiko, fundi cherehani anayeimba Baba, amefurahi kwamba ana machache ya kukariri.

Jumapili, 8 Juni
Aibu. Tumeimba mbele ya akina mama wa kanisa, kujipima. Atupele, anayeimba Binti, kasimama, nimepiga utangulizi wangu mzuri, na yeye kaanza kulia kwa wimbo. Sauti ile! Ukumbi ukatulia. Halafu mama mmoja wa mstari wa mbele kamwuliza jirani yake kwa sauti, "Kwani ana mimba?" Wakacheka wote. Kufika aria ya tatu watu walikuwa wanaongea habari za mbolea. Atupele katoka bila kuniaga.

Jumatatu, 9 Juni
Sikulala vizuri. Nimelitoa daftari la Mwalimu la opera na kulisoma kama hadithi, bila kinanda.

Baba ni mkulima wa mpunga Usangu. Binti anapendana na Mfugaji, kijana aliyekuja na ng'ombe kutoka kaskazini. Usiku mmoja mfereji unabomolewa, shamba linakauka. Baba anawasingizia ng'ombe, kijiji kinamfukuza kijana. Asubuhi Binti anaona tope bichi kwenye jembe la baba yake. Baba kaubomoa mwenyewe, ili kijana afukuzwe.

Hayo yote yako wapi? Kwenye resitativo. Dakika mbili hazifiki, siku nzima imepita. Mfereji, mashtaka, tope. Nilichokitupa ni hadithi yenyewe. Nimebakiza kilio bila msiba. Mjinga ni mimi, si yule mama.

Jumanne, 10 Juni
Naendelea kulisoma daftari. Namheshimu Mwalimu kila ukurasa. Kwenye resitativo saa inakwenda mbio. Neno moja, nota moja, hakuna kurudia, maana mtu akikupa habari harudii mara nne. Kinanda kinahama ufunguo, ile sauti ya msingi, kila habari mpya inapokuja, huna pa kutulia. Binti anapoliona jembe, ghafla Mwalimu anatia mtetemo wa kinanda katikati ya maneno. Anasema, kinanda kinatetemeka. Anasema tena. Bado si wimbo, lakini moyo umeshaanza.

Halafu aria, na saa inasimama. Hakuna jipya linalotokea. "Niseme au ninyamaze," maneno machache tu, yanarudiwa na kuzungushwa. Sehemu ya katikati anamkumbuka baba akimbeba mgongoni, kisha anarudi mwanzo, lakini sasa maneno yaleyale yanauma zaidi. Nilidhani kurudia ni mapambo. Kumbe mtu mwenye donge moyoni ndivyo anavyofanya, analizungukia lilelile.

Jumatano, 11 Juni
Nimemfuata Atupele dukani kwa Mhindi anakouza vitambaa. Nimemwomba radhi mbele ya wateja. Kasema, "Mama, pale nilikuwa nalia sijui nalilia nini." Imenichoma. Anarudi mazoezini.

Ijumaa, 13 Juni
Resitativo zimerudi, muda umetushinda tena. Leo nimeona kwa nini. Tunaziimba kama wimbo wa kitabuni, mguu ukipiga moja mbili tatu nne, kila silabi imevutwa. Nimekataza kupiga mguu. Nimemwambia Lwitiko asome maneno kama anamkaripia mteja aliyechelewa kuchukua suruali. Kafoka sawasawa! Nikamwambia, hivyohivyo, ila ushike nota. Mimi namsubiri avute pumzi ndipo naweka vidole. Resitativo yake ya dakika sita imekuwa mbili na ushee.

Bado tumezidi. Najua cha kukata, nimejua tangu mwanzo. Utangulizi wangu. Niliulinda kwa sababu ndipo watu wanaponisikia mimi. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefupisha utangulizi wote, na katika aria mbili ndogo nimetoa marudio. Ile kubwa ya Binti sijaigusa. Saa moja na dakika kumi na mbili. Vidole vinaniwasha kwa huzuni.

Jumatano, 18 Juni
Wimbo wa watu watatu. Hapa Mwalimu kanimaliza. Baba, Binti na Mfugaji wanaimba kwa wakati mmoja, kila mtu na lake. Baba anajisifu kwa nota nzito, ndefu. Mfugaji anaaga ng'ombe na nchi. Binti yuko juu yao, vipande vifupi, anajisemea. Wakizungumza tu ingekuwa kelele ya sokoni. Kwa muziki unawasikia wote, na wewe msikilizaji peke yako unajua anachojua kila mmoja. Halafu saa iliyokuwa imesimama inaanza kutembea humohumo ndani ya wimbo: Binti analisema lile jambo la jembe, Baba ananyamaza kipimo kizima cha muziki, mwendo unaongezeka, kijiji, yaani kwaya, kinaingia kwa sauti zote nne. Masanja, Mfugaji wetu, mtu wa mnada wa ng'ombe, kakosea kuingia mara tano. Nimemgombeza. Kasema alikuwa anasikiliza.

Jumamosi, 21 Juni. Iringa
Basi limetutoa Mbeya alfajiri. Ukumbi umejaa. Mwalimu kakaa nyuma kabisa, kakataa kuongoza.

Sikuwafundisha watu wa Iringa kitu, lakini kwenye resitativo walikaa kimya shingo mbele. Tope lilipotajwa, mtu alisema "Yesu!" Aria ilipoanza akina mama walinyanyuka, vigelegele, wakamvisha Atupele vitenge mabegani huku akiimba, na aria ikawasubiri, ina nafasi. Ilipokwisha wakakimbilia viti vyao wasipitwe na habari.

Wimbo wa watatu, hakuna aliyenyanyuka. Lwitiko aliponyamaza, ukumbi ulinyamaza naye. Nilimsubiri. Sijawahi kusubiri hivyo.

Nina furaha. Naogopa kuiandika zaidi.

Jumanne, 1 Julai
Mwalimu yuko Ruaha Mbuyuni. Nimempigia simu na kumwungamia yote: nilichokata, utangulizi nilioulinda, kicheko cha Jumapili ile.

Kisha kasema, "Mama, ule wa watatu ulikuwaje? Nililia, sikuusikia."

Nikamwimbia. Kwanza Baba. Halafu Mfugaji. Halafu Binti, kwa sauti yangu hii ya kukwaruza. Kwa pamoja siwezi, mtu mmoja hawezi. Kila nilipomaliza sauti moja aliniambia niendelee.